Fezi mbili zilizobaki si fezi mbili

"Fundi, si fezi mbili bado zipo? Basi ingezunguka hata polepole."

Maneno haya nimeyasikia kwa wenye mashine za kusaga, kwa wachomeleaji, na juzi kwa seremala mmoja aliyekuwa ameshatafuta bodaboda ya kubeba mota yake ikasukwe upya. Nayasikia hata kwa mafundi wenzangu, na hapo ndipo yananiuma, kwa sababu fundi anayeamini kwamba zimebaki fezi mbili atapima vibaya na kutoa hukumu vibaya.

Maana yenyewe ni fupi. Mota imepoteza fezi pale ambapo ilitengenezwa kulishwa kwa nyaya tatu za umeme, lakini mmoja umekatika mahali fulani kati ya transfoma na koili zake. Ikiwa imesimama, itanguruma na haitaondoka. Ikiwa ilikuwa inazunguka, itaendelea, ila kasi itashuka, sauti itakuwa nzito na bodi itachemka. Ikikatika katikati ya kuwaka, itabaki inajivuta bila kufikia kasi yake.

Tatizo liko kwenye neno "fezi". Tumelizoea kama jina la waya: fezi nyekundu, fezi ya njano, "shika fezi hii". Lakini neno hili halikuanza kama jina la waya. Asili yake ni Kigiriki, neno lenye maana ya kuonekana, na kabla ya umeme lilitumika kwa mwezi: hilali, nusu, mpevu. Mwezi ni uleule, kinachobadilika ni mahali ulipofika katika mzunguko wake. Walioliazima kwa ajili ya umeme walitaka maana hiyohiyo. Fezi ni mahali umeme ulipofika katika kupanda na kushuka kwake. Kwa Kiswahili wapo wanaosema "umeme wa awamu tatu", na ingawa gereji hakuna anayesema hivyo, neno awamu liko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa ndani yake kuna zamu.

Wajerumani wamefika karibu zaidi. Umeme huu wanauita kwa neno lenye maana ya mkondo unaozunguka. Si ajabu, kwani Mikhail Dolivo-Dobrovolsky alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya AEG huko Berlin alipotengeneza mota ya fezi tatu ya aina hii tunayoitumia leo, mwaka 1889. Yeye hakuwa anatafuta nyaya tatu. Alikuwa anatafuta namna ya kufanya nguvu ya sumaku izunguke yenyewe ndani ya chuma kilichotulia, ili rota, sehemu ya mota inayozunguka, iifuate.

Zamu hizo ziangalie hivi. Wanawake watatu wanatwanga kwenye kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukiwa chini, wa pili unashuka, wa tatu uko hewani. Hawagongani kwa sababu kila mmoja ana zamu yake, na zamu zinapokezana kwa kuzunguka kinu. Nyaya tatu za umeme zinafanya hivyo mara 50 kwa sekunde. Koili zikiwa zimepangwa kwa duara ndani ya mota, nguvu ya sumaku inakabidhiwa kutoka koili hadi koili na kuzunguka, na rota inaburutwa nyuma yake.

Sasa ondoa waya mmoja. Mtu atasema wamebaki watwangaji wawili wenye zamu mbili. Hapana. Umeme unaoingia mota kwa waya wa kwanza hauna pa kutokea isipokuwa waya wa pili, na unaoingia kwa wa pili unatokea wa kwanza. Hao si watwangaji tena. Ni wapasuaji mbao porini kwenye msumeno mmoja, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini. Huyu akivuta, yule anaachia. Watu ni wawili, mwendo ni mmoja, kwenda na kurudi. Ndiyo maana Waingereza wanaiita hali hii kwa jina la fezi moja, ingawa nyaya zenye umeme ni mbili, na katika hilo wako sahihi. Ukipoteza moja kati ya tatu, unabaki na moja.

Na mwendo wa kwenda na kurudi hauna upande. Nguvu ya sumaku inapanda na kushuka palepale, rota inavutwa kulia na kushoto kwa nguvu sawa, na mngurumo unaousikia ni huo. Wakati huohuo mota iliyosimama inavuta kwenye nyaya mbili umeme unaofika mara tano hivi ya ule wa kawaida, na feni yake haizunguki. Dakika chache zinatosha kuharibu vanishi ya koili. Pia tusiichanganye hali hii na mota ya fezi moja ya dukani, kama ya kisima cha nyumbani. Ile imewekewa koili ya pili, mara nyingi na kapasita, ili kutengeneza zamu ya pili inayoisaidia kuondoka. Yetu haina msaada huo.

Turudi kwa seremala. Mashine yake ni ya randa, mota ya kilowati 5.5, kibao kinaonyesha volti 400 delta, yaani koili tatu zimeungwa mduara ncha kwa ncha, ampia 11. "Imeungua," aliniambia, "maana umeme upo." Akachukua testa akanionyesha: waya wa kwanza taa, wa pili taa, wa tatu taa. Alikuwa ameishika kwenye boksi la mota, huku swichi ikiwa imewashwa na mota ikinguruma.

Sikumlaumu. Testa ilikuwa inasema kweli, ila ilikuwa inajibu swali jingine. Waya wa tatu ulikuwa umekufa kutoka juu, lakini koili ndani ya mota zimeungana, kwa hiyo umeme wa nyaya mbili hai ulipita ndani ya koili na kujitokeza kwenye ncha ya waya uliokufa. Kwa testa, taa ni taa. Mota ikiwa inazunguka, mambo ni magumu zaidi, maana rota yenyewe inazalisha umeme kwenye ile ncha iliyokatika, na hata mita ukiipima dhidi ya nyutro inaweza kukuonyesha volti zinazokaribia kawaida.

Nilizima, nikafungua mkanda, nikazungusha puli kwa mkono. Laini, beringi nzima, hakuna kilichokwama. Kisha nikapima juu ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, waya kwa waya: 398, 401, 399. Umeme wa kuingia mzima, fyuzi nzima. Nikawasha kwa sekunde chache nikapima chini ya kontakta, waya kwa waya tena: 398, 199, 199. Hapo mota inakuwa imeshajieleza. Namba moja kamili na mbili za nusu maana yake ule waya unaoshiriki katika nusu zote mbili hauna umeme wake wenyewe, umekaa katikati ya wenzake kama mtoto kati ya wazazi.

Kipimo kilichofunga kesi kilikuwa kimoja. Kontakta ikiwa imevuta, unaweka ncha moja ya mita juu ya kontakti, sehemu ya ndani inayogusana kupitisha umeme wa waya mmoja, na nyingine chini ya kontakti hiyohiyo. Kontakti nzima inatoa sifuri, kwa sababu juu na chini ni kitu kimoja. Ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, ya tatu 345. Fyuzi nayo inapimwa hivyohivyo, na iliyoungua haiwezi kujificha. Hiki ni kipimo cha umeme hai, kifanywe na aliyezoea.

Nilipoifungua kontakta, kidonge cha fedha cha kontakti ya tatu kilikuwa kimeisha, kimebaki chuma cheusi chenye mashimo. Boksi halikuwa na mlango, na vumbi la mbao lilikuwa limejaa hadi kwenye njia ya kontakti. Ikivuta haikai sawasawa, inatoa cheche, kesho inatoa zaidi. Baadhi ya mafundi huchukua msasa na kuikwangua. Fedha iliyoisha hairudi kwa msasa. Tuliweka kontakta mpya.

Swali alilouliza seremala ni kwa nini fyuzi haikukata. Fyuzi inangoja shoti. Ampia 19 au 20 katika mota ya ampia 11 inayozunguka kwa nyaya mbili haziitishi fyuzi iliyowekwa kubwa ili ivumilie mota inapoondoka. Tena mara nyingi fyuzi moja iliyokatika ndiyo yenyewe inayoleta hali hii. Anayepaswa kuona ni ovalodi, kifaa kinachozima mota ikivuta ampia kupita kiasi ulichokiwekea, na yake ilikuwa imezungushwa hadi 15 "ili isisumbue". Niliirudisha 11. Ovalodi nyingi za siku hizi zinahisi pia fezi ikipotea, za zamani hazihisi, na mota ya delta ikiwa na mzigo mdogo, koili moja inaweza kuchemka huku nyaya za nje bado ziko chini ya kipimo cha ovalodi.

Ndipo tukaigusa mota, ya mwisho kabisa. Umeme umezimwa na swichi imefungwa, nyaya zimetolewa, vibati vya kuunganisha delta vimetolewa. Nikapima ncha hadi ncha ya kila koili, U1 hadi U2, V1 hadi V2, W1 hadi W2: omu 2.6, 2.6, 2.7. Zinalingana, na kulingana ndiko unakokitafuta kuliko namba yenyewe. Mega ya volti 500, mita inayoonyesha kama umeme unavuja, kati ya kila koili na bodi ilitoa zaidi ya megaomu 50. Chini ya 1 ningeikataa. Mota ilikuwa nzima.

Isingekuwa nzima, koili zenyewe zingeeleza. Mota iliyolemewa na mzigo huungua koili zote kwa pamoja, nyeusi duara zima. Iliyopoteza fezi ikiwa delta huungua kundi moja, na makundi mawili yanabaki na rangi ya vanishi. Ikiwa sta, yaani koili tatu zimekutana ncha moja katikati, makundi mawili yanaungua na moja linabaki safi. Msukaji asiyetazama hili atakurudishia mota mpya, utaifunga kwenye kontakta ileile, na itaungua kundi lilelile.

Wapo pia wanaosema "umeme ni mdogo" mota ikinguruma. Huenda ni kweli, lakini umeme mdogo hupungua kwenye nyaya zote: 320, 322, 319. Mashine iliyokwama huvuta ampia kubwa zinazolingana kwenye nyaya zote tatu. Mita ya klampu ikisoma sifuri kwenye waya mmoja na nyingi kwenye miwili, ni fezi iliyopotea, hata testa iwake vipi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukinipigia simu usiseme fezi mbili zipo. Sema mota imepoteza fezi, kisha nisomee namba tatu ulizopata waya kwa waya, juu ya kontakta na chini yake.