Raga ya saba na raga ya kumi na tano: uwanja mmoja, kazi mbili tofauti

Raga ya saba ni mchezo wa raga unaochezwa na wachezaji saba kila upande, na raga ya kumi na tano ni ule wa wachezaji kumi na tano kila upande. Wengi wetu hapa Dodoma, tuliokulia kwenye soka, tukisikia hivyo hudhani kwamba wa saba ni mchezo mdogo wa kwenye kiwanja kidogo, kama vile watoto wanavyopunguza magoli wanapokuwa wachache. Sivyo. Uwanja ni uleule, wenye urefu wa hadi mita 100 kutoka mstari wa goli mmoja hadi mwingine na upana wa hadi mita 70, ambao haupishani sana na uwanja wa mpira wa miguu. Kinachopungua ni watu na muda, na tofauti nyingine zote, pamoja na ile ya pumzi na nguvu, huzaliwa hapo.

Tuanze na upana, kwa sababu ndiko mchezo unakoamuliwa. Katika raga mpira hurushwa kwa mkono kuelekea nyuma au pembeni tu, kwa hiyo timu inayoshambulia husogea ikiwa imejipanga kwa upana, na timu inayozuia hujipanga kama ukuta kutoka pembe moja ya uwanja hadi nyingine. Timu ya kumi na tano inaweza kuacha watu wawili nyuma kusubiri mpira uliopigwa kwa mguu, wakabaki kumi na watatu ukutani. Ukigawa mita 70 kwa watu kumi na watatu, kila mmoja analinda kama mita tano na nusu, yaani hatua mbili au tatu kulia na hatua mbili au tatu kushoto. Timu ya saba huacha mtu mmoja nyuma, na sita waliobaki kila mmoja hulinda karibu mita 12. Adui akikimbilia katikati ya wawili hao, kila mmoja ana mita sita za kwenda kando ili amfikie, huku mwenye mpira akiwa tayari amekwisha kushika kasi.

Hesabu hiyo inaonyesha timu ikiwa imesimama kamili, na hali hiyo haidumu. Mlinzi akimkamata adui na kumwangusha, yeye mwenyewe huenda chini pamoja naye. Katika raga ya kumi na tano ukuta unabaki na watu kumi na wawili, na pengo linalotokea huzibwa na jirani kwa kusogea kidogo. Katika raga ya saba wanabaki watano, na kila mmoja sasa ana mita 14 za kulinda. Mpira ukitoka haraka kwenye mrundikano wa waliolala na kurushwa upande wa pili, aliyeanguka anatakiwa awe amesimama na kurudi kwenye nafasi yake kabla haujafika huko. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: kasi ya kukimbia husifiwa na watazamaji, lakini kasi ya kuinuka kutoka ardhini ndiyo inayookoa trai, yaani lile bao la pointi tano linalopatikana kwa kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani.

Kuhusu muda, raga ya kumi na tano ina vipindi viwili vya dakika 40 na mapumziko yasiyozidi dakika 15. Raga ya saba ina vipindi viwili vya dakika saba na mapumziko ya dakika mbili. Anayesikia dakika 14 huona ni kazi nyepesi. Hata hivyo, ndani ya zile dakika 80 mpira husimama mara nyingi sana, kwa sababu skramu, yaani vikundi viwili vinavyoshikana na kusukumana kugombea mpira ili mchezo uanze tena, ni ya watu wanane kwa wanane na huchukua muda kupangwa, na mrusho wa pembeni pia huchukua muda. Mchezaji hupata nafasi nyingi za kuvuta pumzi. Katika mchezo wa saba skramu ni ya watatu kwa watatu, hupangwa upesi na mpira hutoka upesi, na hata baada ya trai mpigaji ana sekunde 30 tu za kupiga mkwaju wa pointi mbili za nyongeza. Ndiyo maana mchezaji wa saba hukimbia mita nyingi zaidi kwa kila dakika, ingawa jumla yake ni takriban kilomita moja na nusu, ilhali wa kumi na tano hufikisha kilomita tano hadi saba kulingana na nafasi anayocheza.

Mwili nao una utaratibu wake. Akiba ya nguvu inayotumika katika mbio za kasi kamili huelekea kuisha ndani ya sekunde kama kumi, na huhitaji dakika kadhaa za utulivu ili irudi yote. Mchezaji wa kumi na tano mara nyingi huzipata dakika hizo kwa vipande vipande. Wa saba hazipati, hukimbia tena akiwa na nusu ya akiba, kisha robo. Kwa upande mwingine, hahitaji mwili mzito wa wale wa mstari wa mbele wa skramu, ambao katika raga ya kumi na tano ya ngazi ya juu huzidi kilo 110 na kazi yao kubwa ni kusukuma, kushikilia na kubeba uzito wa wengine, tena na tena hadi mwisho. Mtu huyo ni hodari kweli kweli, lakini ukimwachia mita 12 za kulinda dhidi ya kijana mwenye kilo 80, utakuwa umemwonea.

Jambo hili nililiona kwenye uwanja mmoja wa shule hapa Dodoma, wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kiasi kwamba kila anguko lilikuwa na gharama yake. Vijana walitoka kwenye soka, na mawinga wao walikuwa na mbio. Kipindi cha kwanza walizuia vizuri. Kipindi cha pili hakuna aliyeonekana kuchechemea wala kutembea, na bado walifungwa trai tatu mfululizo, zote upande wa mbali na pale mtu alipoangukia. Tulipokaa kuzungumza ilidhihirika kwamba hawakushindwa kukimbia. Walikuwa wanabaki chini kwa sekunde mbili au tatu zaidi, na wakiinuka walisogea kuelekea kwenye mpira badala ya kurudi pembeni, kwa kuwa mtu aliyechoka hufuata kile anachokiona. Ukuta ukawa mwembamba, pembe ikabaki wazi.

Tangu hapo nawapima kwa zoezi moja kabla ya kuwapanga. Mchezaji hulala kifudifudi, kipenga kikilia huinuka, hukimbia mita kumi mbele, hurudi nyuma akiwa ameutazama uwanja na kulala tena. Hurudia mara nane, akianza kila baada ya sekunde 20. Naandika muda wa mzunguko wa kwanza na wa nane, na ndani yake naandika pia muda wa kuinuka peke yake. Kijana ambaye mbio zake za mwisho zinakaribiana na za kwanza lakini kuinuka kwake kumeongezeka sana, huyo hahitaji kuongezewa mizunguko ya uwanja. Anahitaji kufundishwa kuingiza magoti chini ya kiuno upesi na kuimarishwa mabega na tumbo, na hadi hapo naanza naye katika timu ya kumi na tano, ambako jirani yake yuko mita tano tu kutoka alipo.