Makosa ya mkupuo kwenye feri ya Likoni, na jedwali la biti linavyoyatawanya

Sisi wa kitengo cha redio kuna swali tunaulizwa sana: mbona kifaa cha kutuma data kiko sawa kikiwa ndani ya matatu inayokimbia daraja la Nyali, alafu ukikipandisha feri pale Likoni, mnara unauona kabisa kwa macho, data inaanza kufika imechafuka? Wengi wanadhani ni umbali. Umbali hauna shida hapo, shida ni mwendo, na haswa mwendo wa polepole.

Mawimbi ya mnara hayaji kwa njia moja. Mengine yanagonga ubavu wa meli, mengine kreni za Kilindini, mengine yanapiga maji ndo yaruke kwa antena yako. Pale yanapokutana, sehemu zingine yanaongezana nguvu na sehemu zingine yanauana. Kwa masafa ya megahezi 900 wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 33, na mashimo haya ya mawimbi yanatokea karibu kila nusu ya urefu huo, yaani kila sentimita 17 hivi. Kwa hivyo antena inapita shimo, inatoka, inapita lingine. Na ikiwa ndani ya shimo biti hazikosewi moja hapa moja kule, zinaharibika mkupuo mzima, zote zimefuatana.

Sasa kodi nyingi za kusahihisha makosa, yaani njia za kuongezea ujumbe biti za ulinzi, hazipendi mkupuo. Chukua kodi ya Hamming, ile Richard Hamming aliichapisha 1950: biti 4 za ujumbe zinaongezewa 3 za ulinzi, jumla 7, na katika hizo 7 inaweza kurekebisha kosa moja tu. Moja. Yakiwa mawili inakudanganya, na inakudanganya ikiwa na uhakika kabisa.

Tupige hesabu. Ujumbe wetu ni 1011, 0100, 1110 na 0001. Ukishaongeza ulinzi unapata maneno manne ya kodi, tunayaandika kwa safu, moja chini ya lingine:

```
A  0 1 1 0 0 1 1
B  1 0 0 1 1 0 0
C  0 0 1 0 1 1 0
D  1 1 0 1 0 0 1
```

Ukituma hivyo hivyo A ikaisha ndo B ianze, alafu shimo likakula biti ya 10 mpaka ya 13, zote nne ziko ndani ya B. (Kiukweli ndani ya shimo kipokezi kinabahatisha, kama nusu ya biti zinaweza kutoka sawa, lakini tuchukue hali mbaya zaidi, zote zimepinduka.) B inafika 1010010. Dikoda, ile sehemu ya kipokezi inayosoma kodi, inakagua mara tatu: ukaguzi namba 1 unaangalia nafasi 1, 3, 5 na 7, namba 2 unaangalia 2, 3, 6 na 7, namba 4 unaangalia 4, 5, 6 na 7. Ambapo idadi ya moja-moja si shufwa, unaandika namba ya ukaguzi huo, unajumlisha, jibu ndo nafasi ya kosa. Hapa unalalamika ule namba 4 peke yake, basi dikoda inageuza biti ya nne, inatoa 1010 badala ya 0100, na inaendelea na kazi kama hakuna kitu kimetokea.

Dawa yake ni kutawanya biti, yaani intaliving ya bloki: unaandika kwa safu lakini unatuma kwa nguzo. Jedwali ni lile lile, biti ni 28 zile zile, hakuna hata moja imeongezwa. Unatuma nguzo ya kwanza kutoka juu hadi chini, kisha ya pili, mpaka zote saba:

```
zimetumwa  0101 1001 1010 0101 0110 1010 1001
zimefika   0101 1001 1101 1101 0110 1010 1001
```

Shimo ni lile lile, biti ya 10 hadi 13. Upande wa pili kipokezi kinajaza jedwali lake kwa nguzo, kisha kinasoma kwa safu:

```
A  0 1 1 1 0 1 1   kosa nafasi 4
B  1 0 1 1 1 0 0   kosa nafasi 3
C  0 0 0 0 1 1 0   kosa nafasi 3
D  1 1 1 1 0 0 1   kosa nafasi 3
```

Kila safu imepata kosa moja, kiasi kile kile Hamming anaweza. Jaribu B kwa mkono: ukaguzi 1 unalalamika, wa 2 unalalamika, wa 4 umenyamaza, 1 na 2 ni 3, unageuza ya tatu, 1001100 imerudi. Ujumbe wote salama.

Mpaka wake pia unaonekana hapo hapo. Safu ni nne, kwa hivyo mkupuo wa biti nne unabebeka, wa tano haubebeki. Shimo likifika biti ya 14, B inakuwa na makosa mawili, nafasi 3 na 4, ukaguzi wote watatu unalalamika, jumla 7, dikoda inaenda kuharibu biti ya saba ambayo ilikuwa nzima.

Turudi feri sasa. Tuseme kifaa kinatuma biti 10,000 kwa sekunde, na tunahesabu shimo kuwa pale nguvu inaposhuka chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani wake. Kwa matatu ya kilomita 50 kwa saa, shimo kama hilo huchukua wastani wa milisekunde 3 hivi, biti kama 32. Feri, tuseme inaenda mita 2 kwa sekunde, shimo ni lile lile lakini inalivuka taratibu, milisekunde kama 22, biti 220. Hapo ndo jibu la lile swali: jedwali la safu 40 linatosha daraja la Nyali, Likoni linazidiwa. Na hizi ni wastani, yako mashimo marefu zaidi, kwa hivyo usipange safu kwa wastani peke yake.

Mtu atasema basi tuweke safu 250 tumalize. Sawa, lakini 250 mara 7 ni biti 1,750, milisekunde 175 kujaza jedwali kabla nguzo ya kwanza kwenda, na mpokeaji naye anasubiri lijae kwake, jumla karibu 350. Kifaa cha kutuma mahali gari lilipo hakijali kabisa. Maongezi ya simu yatakwama, manake ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa njia moja. Ndo maana GSM, mfumo wa simu za 2G, ilitawanya kila kipande cha sauti kwenye vipande vinane tu vya kutuma, na pale mtu amesimama tuli ndani ya shimo, ambapo hakuna jedwali litakalomtoa, mtandao unaweza kurukaruka masafa ili shimo lenyewe lihame. Antena ya pili ikikaa mbali kidogo na ya kwanza nayo inasaidia.

Kuna mtego mmoja wa mwisho ambao mafundi wanausahau. Makosa yakija kwa mpangilio, kila baada ya biti nne kwenye jedwali letu, labda mashine ya karibu inapiga kelele kwa mdundo, yote yanaangukia safu moja na intaliving inakuwa ndo imeyakusanya. Ukiona safu moja inaumia kila mara na zingine safi, badilisha idadi ya safu, weka tano badala ya nne, upime tena. Makosa yakisambaa ujue ulikuwa mdundo. Lakini kama safu zote zinaumia kwa pamoja na zinapona ukiongeza jedwali, hilo ni shimo refu, na hapo unaamua tu utavumilia kuchelewa kiasi gani.