Kibwagizo cha Sekunde 20: Pigo la Kwanza Lina Kazi Mbili

Kibwagizo cha video fupi hakina utangulizi. Ukitanguliza baa mbili za gitaa kabla ya mwimbaji kuingia, sekunde tano zimekwisha na mtazamaji ameshapitisha kidole. Hilo wanaojifunza kwetu studio wanalijua. Wanalosahau ni kwamba video hujirudia, kwa hiyo pigo la kwanza ndilo pia linalofuata pigo la mwisho. Linafungua, na linaunga.

Anza na hesabu. Kwa kasi ya mapigo 96 kwa dakika, baa ya mapigo manne huchukua sekunde 2.5, na baa 8 hutimiza sekunde 20 kamili. Video ya picha 30 kwa sekunde itakuwa na picha 600, bila kipande kubaki. Kwa kasi ya 98, baa ya nane huishia katikati ya picha, na kwenye kiungo mdundo unaweza kujikwaa.

Chukua ufunguo wa C: kordi C, Am, F na G, baa moja kila moja, mzunguko mara mbili. Baa ya 8 inaishia kwenye G, na mwimbaji abaki kwenye ti. Asipande do. Ti hudai do, na do hiyo iwekwe kwenye pigo la kwanza tu la mzunguko unaofuata. Waliolelewa kwenye kwaya hunibishia hapa, maana wamezoea kufunga wimbo kwa utulivu. Lakini ukifunga, msikilizaji ameruhusiwa kuondoka.

Sasa kukata, ambako kazi nyingi nzuri huharibika. Tuseme neno la kwanza ni "Shika". Mwimbaji mzuri huweka irabu juu ya pigo, na "sh" hutangulia kwa takribani sehemu ya kumi ya sekunde. Ukikata juu ya pigo lenyewe, itasikika "ika". Tena mwangwi wa baa ya mwisho, ambao ulipaswa kumwagikia mwanzoni, unakatika ghafla, na kila mzunguko unaanza na shimo.

Dawa ni moja kwa yote mawili. Nakili baa zako 8 ziwe 16, kisha kata kuanzia sekunde 19.9 hadi 39.9. Urefu unabaki 20, "sh" inapona, na mwangwi wa mwisho unaingia chini ya pigo la kwanza. Anayesikia mara ya kwanza hautambui, mradi ngoma, besi na sauti vigonge pamoja. Hifadhi kwa WAV, kwa sababu MP3 huongeza kimya kidogo kwenye ncha za faili.

Kisha isikilize kwa spika ya simu, si hedifoni. Besi ya chini sana hupotea humo, na pigo ulilolidhani zito huwa jepesi. Irudie mfululizo huku ukigonga meza bila kutazama skrini. Mkono ukisita mahali pale pale kila mzunguko, hapo ndipo pa kukata upya.