Usijumlishe msokoto wa shafti mbili kabla hujapita kwenye gia

Kuna kosa moja linalojirudia kwenye hesabu za vyombo vya mizigo, hivi vinavyopakia pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda visiwani. Fundi anakokotoa vizuri msokoto wa shafti inayotoka kwenye injini. Anakokotoa vizuri pia msokoto wa shafti ya propela. Kisha anazijumlisha zile pembe mbili, anapiga mstari, anaandika jibu. Kila namba iliyo juu ya mstari ni sahihi, ila iliyo chini yake haina maana yoyote. Kibaya zaidi, kwa jibu hilo watu wanaamua shafti ipi inenepeshwe, na wananenepesha ile isiyohusika.

Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Injini inatoa kilowati 60 kwa mizunguko 1800 kwa dakika. Giaboksi imekaa mbali kidogo na injini, na ndani yake kuna jozi moja ya gia yenye uwiano wa 3 kwa 1, hivyo propela inazunguka mara 600 kwa dakika. Shafti ya injini ina kipenyo cha milimita 40 na urefu wa mita 1.2 kutoka kwenye kaplingi hadi kwenye gia ndogo. Shafti ya propela ina milimita 55 na urefu wa mita 3. Zote ni chuma, na G, yaani ugumu wa chuma chenyewe dhidi ya kusokotwa, ni gigapaskali 80.

Torki kwanza. Upande wa injini ni nguvu gawanya kwa kasi ya mzunguko: 60000 kwa radiani 188.5 kwa sekunde, yaani Nm 318. Upande wa propela ni mara tatu yake, Nm 955. Gia hula kidogo, tuseme asilimia mbili au tatu, lakini nikipima unene wa shafti siipunguzi. Ziada hiyo iko upande wa usalama.

Sasa misokoto, kila shafti kwa torki yake yenyewe, J ikiwa kile unene wa shafti unachochangia kuzuia msokoto:

```
J1 = pi*d^4/32 = 2.51e-7 m^4    θ1 = T1*L1/(G*J1) = 0.0190 rad = 1.09°
J2 = pi*d^4/32 = 8.98e-7 m^4    θ2 = T2*L2/(G*J2) = 0.0399 rad = 2.28°
```

Hapa ndipo watu wanapoandika 1.09 jumlisha 2.28 ni 3.37. Nauliza: digrii 3.37 za wapi? Ukisimama kwenye kaplingi ya injini huzioni. Ukisimama kwenye propela huzioni pia. Hakuna mahali popote kwenye chombo hicho ambapo kitu kimezunguka digrii 3.37.

Angalia meno yanapokutana. Tuseme gia ndogo ina kipenyo cha kukutania cha milimita 80 na kubwa milimita 240. Shika injini isizunguke, kisha torki ya mzigo ije kutoka upande wa propela. Shafti ya injini inajisokota radiani 0.0190, kwa hiyo jino la gia ndogo linasogea 0.0190 mara milimita 40, sawa na milimita 0.76. Jino la gia kubwa linalogusana nalo haliwezi kusogea zaidi wala pungufu. Nalo linasogea milimita 0.76. Lakini lenyewe liko milimita 120 kutoka katikati ya shafti yake. Gawanya 0.76 kwa 120 upate radiani 0.0063, yaani digrii 0.36. Digrii 1.09 ya upande wa injini imefika upande wa propela ikiwa 0.36, theluthi yake. Kinachopita kwenye meno bila kubadilika ni umbali na nguvu ya kusukuma. Pembe na torki zote mbili hubadilika kwa sababu nusu kipenyo kimebadilika.

Kwa hiyo jibu lina sura mbili, na lazima useme umesimama wapi. Injini ikiwa imeshikwa, propela inageuka 2.28 jumlisha 0.36, yaani digrii 2.65. Propela ikiwa imeshikwa, kaplingi ya injini inageuka 1.09 jumlisha mara tatu ya 2.28, yaani digrii 7.94. Gawanya 7.94 kwa 3 unapata 2.65, na hapo unajua hujakosea.

Wanaopenda kuibadilisha mashine nzima iwe shafti moja ya kufikirika, njia ipo na ni nzuri, mradi wasisahau mraba. Ukiuhamisha ukakamavu wa shafti ya injini kwenda upande wa propela, unauzidisha kwa 9, si kwa 3. Mara tatu ya kwanza ni kwa sababu torki imekua mara tatu. Ya pili ni kwa sababu pembe imepungua mara tatu. Zote mbili zimo kwenye ukakamavu, kwa kuwa ukakamavu ni torki gawanya kwa pembe. Kwa urefu ni kinyume chake, n ikiwa uwiano wa gia:

```
Le = L1 * (J2/J1) / n^2 = 1.2 * 3.57 / 9 = 0.48 m
```

Yaani ile mita 1.2 ya shafti nyembamba ya injini, ukiitazama kutoka kwenye propela, ni sawa na kipande cha sentimita 48 cha shafti ya milimita 55. Ongeza mita 3 zilizopo, unapata mita 3.48 za shafti moja, iwekee Nm 955, na msokoto unatoka digrii 2.65 zile zile. Ila torki ya shafti hiyo ya kufikirika isikuchanganye: shafti halisi ya injini bado inabeba Nm 318, na mkazo wake unapimwa kwa 318. Ni megapaskali 25 kwenye shafti ya injini na 29 kwenye ya propela. Kuna wanaoipa shafti ya milimita 40 zile Nm 955 za shafti ya kufikirika, wanapata mkazo mara tatu, wanaogopa, wanaagiza chuma kisichohitajika.

Sasa hasara yenyewe. Tuseme mwenye chombo anataka mfumo uwe mkakamavu zaidi. Anaweza kunenepesha shafti ya injini kutoka 40 hadi 50, au ya propela kutoka 55 hadi 60. Kwa ile jumla mbovu ya 3.37, chaguo la kwanza linashusha hadi 2.73 na la pili hadi 2.70. Yanaonekana sawa, basi anachagua shafti ya injini kwa kuwa ni fupi, na haihitaji kuvuta chombo nchi kavu wala kugusa beringi za nyuma. Kwa hesabu sahihi, chaguo la kwanza linashusha kutoka digrii 2.65 hadi 2.43, punguzo la asilimia 8. La pili linashusha hadi 1.98, punguzo la asilimia 25. Kwa hiyo karakana inalipwa kuchonga shafti nene ya injini, na mfumo unabaki karibu ulivyokuwa.

Asiyeamini apime, na kipimo hakihitaji mashine. Chombo kikiwa nchi kavu, funga shafti ya propela kwenye ncha yake ya nyuma, kwa fleji au kwa kibano kikubwa, usifunge kwa mapanga ya propela. Kifungo hicho kitabeba torki mara tatu ya utakayoweka mbele, basi kiwe imara. Tenganisha injini, funga nondo ya mita moja kwenye kaplingi ilale mlalo. Ning'iniza kilo 10 kwenye ncha, weka alama ncha ilipo. Ongeza hadi kilo 30, weka alama tena. Tofauti ya kilo 20 kwenye mita moja ni Nm 196. Umbali kati ya alama mbili, kwa shafti zetu, unatakiwa uwe kama milimita 85. Jumla mbovu, inayoipa kila shafti torki ile ile na kusahau gia, ingekuambia milimita 20. Tofauti hiyo unaiona kwa macho, hata rula ya mwanafunzi inatosha.

Kilo 10 za mwanzo usiziruke. Zinakaza meno yote upande mmoja na kumaliza nafasi iliyo kati yao, na uzito wa nondo yenyewe unajifuta kwa kuwa upo kwenye alama zote mbili. Na kama giaboksi ina klachi ya haidroliki, ujue injini ikizimwa klachi inaachia; utapima hewa tupu mpaka klachi ifungwe kwa bolti zake za dharura, kama giaboksi hiyo inazo.

Mara nyingi utapata zaidi ya 85. Ukipata 110, hizo 25 za ziada hazikutoka kwenye shafti, na hapa vitabu vinanyamaza. Kwenye kitabu, gia ni ngumu kabisa na nyumba yake imepigiliwa ardhini. Kwenye chombo cha mbao nyumba ya gia inakaa juu ya mbao. Jozi ya gia za kukutana kwa nje inazungusha shafti mbili kinyume, na hapo nyumba inapokea torki zote mbili kwa pamoja: 318 jumlisha 955, Nm 1273. Bolti zikiwa sentimita 30 kutoka upande hadi upande, upande mmoja unavutwa juu kwa niutoni zipatazo 4240 na mwingine unakandamizwa kwa kiasi hicho hicho. Nyumba ikiinama, mhimili wa gia unahama, na kaplingi inazunguka bila shafti kujisokota. Weka saa ya kupimia misogeo midogo kwenye mguu wa giaboksi wakati unaongeza kilo. Sindano ikicheza, mkosaji umemwona. Kisha chora mstari mwembamba unaovuka kila maungio, kwenye kaplingi na pale gia inapofungwa kwenye shafti. Mstari ukikatika, hapo panateleza au panalegea. Raba ya kaplingi ikiwa upande wa injini, ulegevu wake unaonekana wote kwenye nondo, lakini propela inaona theluthi yake tu. Ni uwiano ule ule.

Shafti hii ya kufikirika ina mpaka wake. Inadhani meno yamegusana upande mmoja muda wote. Nafasi ya milimita 0.2 kati ya meno ni digrii 0.29 upande wa injini, na msokoto kwa mzigo kamili ni 7.94, basi ukiwa njiani na mzigo unaweza kuisahau. Lakini injini ikiwa inapumua taratibu gatini, au mawimbi yakinyanyua nyuma ya chombo hadi propela itoke majini, torki inashuka hadi sifuri na meno yanaachana. Kwa muda huo una shafti mbili zisizojuana, kila moja na mtikisiko wake, na hakuna mraba wa uwiano utakaoziunganisha. Ule mgongano wa chuma kwa chuma unaosikika kwenye giaboksi wakati huo usiutafutie jibu kwenye urefu wa mita 3.48. Pima nafasi ya meno, angalia raba ya kaplingi, na uhesabu kila upande peke yake.