Mchoro wa riba wa Marekani uliopinduka: yanayosemwa barazani Tanga na yalivyo

Tangu Mamlaka ya Maji ya Tanga ilipouza hatifungani yake ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi inayojali mazingira, mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, habari za riba zimeingia hadi kwenye mabaraza ya kahawa ya Ngamiani. Nazo klipu za WhatsApp hazikubaki nyuma. Inayosambazwa zaidi ina mchoro wenye mstari mwekundu unaoteremka, na sauti ya mtu anayesema kwamba riba za Marekani "zimepinduka", kwa hiyo uchumi unaanguka na mwenye hela yake aitoe mapema.

Mchoro wenyewe ni kitu chepesi. Unazichukua hatifungani za serikali moja, unazipanga kwa muda wa kuiva, yaani muda hadi mkopeshaji arudishiwe hela yake, kuanzia ya miezi 3 hadi ya miaka 30, na juu ya kila moja unaweka alama ya faida anayopata anayeinunua leo. Unganisha alama hizo, umepata mstari. Kwa kawaida mstari unapanda, maana anayefunga hela yake miaka 10 hudai zaidi ya anayeifunga miezi mitatu. Unapinduka pale hatifungani fupi inapolipa kuliko ndefu. Tarehe 3 Julai 2023, hatifungani ya Marekani ya miaka 2 ilikuwa inalipa asilimia 4.94 na ya miaka 10 inalipa 3.86. Pengo kama hilo halikuwa limeonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

"Umepinduka kwa sababu watu hawaiamini tena serikali"

Hapa klipu imeenda kinyume kabisa. Hatifungani ikikimbiwa, bei yake hushuka na faida yake hupanda. Tuseme una hatifungani ya shilingi 1,000,000 inayokulipa 120,000 kila mwaka. Wanunuzi wakiigombania hadi bei ikafika 1,200,000, huyo aliyenunua kwa bei mpya anapata 120,000 ileile, ambayo kwa hesabu ya haraka ni asilimia 10 ya hela aliyotoa. Faida imeshuka kwa sababu hatifungani imependwa.

Kwa hiyo upande mrefu wa mstari ukilala chini, maana yake kuna watu wengi wanaokubali kuikopesha serikali ile kwa miaka 10 kwa malipo madogo. Serikali inayokimbiwa huonekana kwa namna nyingine: upande mrefu unapaa juu.

"Kupinduka ndiko kunakoleta mdororo"

Mwalimu mmoja mstaafu, mnunuzi wa hatifungani tangu zamani, aliniuliza hili kwa namna iliyonipendeza: "Mwanangu, wanaokopesha ni watu wenye akili zao. Kwa nini wakubali asilimia 4 kwa miaka mingi, na pembeni kuna 5 ya mwaka mmoja?"

Jibu liko kwenye mwaka wa pili. Una shilingi 1,000,000 za kukaa nazo miaka 2. Ukiziweka mwaka mmoja kwa asilimia 5 zinakuwa 1,050,000. Sasa unalazimika kuziweka tena, kwa riba itakayokuwepo wakati huo. Kama soko linatarajia itakuwa imeshuka hadi asilimia 3, utamaliza na 1,081,500. Mwenzako aliyezifunga miaka 2 moja kwa moja kwa asilimia 4 anamaliza na 1,081,600. Mmelingana. Asilimia 4 ya muda mrefu haikuwa ujinga. Ndani yake kulikuwa na utabiri kwamba riba fupi itashuka.

Basi mstari uliopinduka ni utabiri wa watu wengi walioweka hela zao juu yake. Benki kuu imepandisha riba fupi ili kubana mfumuko wa bei, na soko linasema riba hiyo haitakaa juu muda mrefu. Zamani sababu ya kuishusha ilikuwa karibu kila mara ileile: uchumi umepoa kupita kiasi na watu wamepoteza kazi.

Sisemi kwamba kupinduka hakudhuru chochote. Benki hukopa kwa muda mfupi, yaani amana za wateja, na kukopesha kwa muda mrefu. Riba fupi ikiizidi ndefu, faida ya benki inabanwa na mikopo mipya inapungua. Benki ya Silicon Valley ya Kalifornia iliyoanguka Machi 2023 ilikuwa imejaza hatifungani ndefu zilizonunuliwa wakati riba iko chini. Riba zilipopanda, bei za hatifungani hizo zilishuka, na wateja walipokimbilia amana zao benki ikalazimika kuziuza kwa hasara. Lakini tazama kilichoiangusha: ni kupanda kwa riba kwa kasi, na kupinduka kwa mstari kulitokana na kupanda huko huko.

"Haujawahi kukosea"

Sifa hii ina msingi. Mchumi Campbell Harvey, kwenye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1986, ndiye aliyeonyesha kwamba umbo la mstari huu linatabiri mwendo wa uchumi wa Marekani, na tangu hapo umeendelea kuonya. Ulipinduka mwaka 2000, mdororo ukaanza Machi 2001. Ulipinduka mwaka 2006, mdororo ukaanza Desemba 2007. Ulipinduka mwaka 2019, mdororo ukaanza Februari 2020, ingawa ni nani atakayesema soko la hatifungani liliona korona inakuja?

Ila hata hapo pana mambo mawili. La kwanza, muda hautabiriki. Kati ya onyo na tukio huweza kupita miezi sita au karibu miaka miwili, na aliyeuza kila kitu siku ya onyo mwaka 2006 alikaa nje huku soko la hisa likiendelea kupanda hadi Oktoba 2007. La pili, katikati ya miaka ya 1960 kwenye takwimu kuna doa: mstari ulipinduka mwaka 1966, uchumi ukapunguza mwendo, mdororo haukuja.

Kisha ukaja mpinduko wa 2022. Ulianza Julai mwaka huo kwa kipimo cha miaka 2 dhidi ya 10, ukakaa hadi mwanzoni mwa Septemba 2024, zaidi ya miaka miwili, mrefu kuliko wowote uliorekodiwa. Mdororo uliosubiriwa haukutokea katika kipindi hicho chote. Uchumi wa Marekani ulikua kwa karibu asilimia 3 mwaka 2023, na karibu hivyo hivyo mwaka 2024.

"Wachumi wanabishana kwa sababu hawaelewi"

Hapa ndipo palipo patamu. Wote wanaujua mstari ule. Wanabishana ndani yake mna nini.

Kambi moja inasema riba ndefu ina vipande viwili. Kimoja ni matarajio ya riba fupi, kama tulivyopiga hesabu ya mwalimu. Kingine ni nyongeza anayodai mkopeshaji kwa kuvumilia muda mrefu. Zamani nyongeza hiyo ilikuwa nono. Chukulia ilikuwa asilimia 1.5: ili mstari upinduke, soko lilipaswa kutarajia riba fupi ishuke sana, na kushuka huko hakuji bila balaa. Lakini baada ya 2008, na tena mwaka 2020, Benki Kuu ya Marekani ilinunua hatifungani kwa matrilioni ya dola, na nyongeza ikanyauka hadi kukaribia sifuri. Sasa tarajio dogo tu la riba kushuka linatosha kuupindua mstari. Kengele ni ileile, ila inalia kwa kuguswa kidogo.

Kambi hiyo inaongeza hoja ya mfumuko wa bei. Mwezi Juni 2022 mfumuko Marekani ulifika asilimia 9.1. Riba ilipopandishwa kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, soko lilikuwa na sababu ya kutarajia ishuke hata bila mdororo: bei zikitulia, hapana haja ya riba kubwa vile. Na ndivyo ilivyokuwa. Bei zilitulia, na Septemba 2024 riba ikaanza kushushwa.

Kambi ya pili inawajibu: haya mliyasema zamani. Machi 2006 Ben Bernanke, akiwa mwenyekiti wa benki kuu hiyo, alieleza kwamba mstari uliokuwa umelala usichukuliwe kuwa dalili ya uchumi kudorora sana, na moja ya sababu alizotoa ni hiyo hiyo nyongeza kupungua. Mwaka uliofuata, Desemba, mdororo ukaanza, nao ulikuwa mkali. Kila kizazi kinapata sababu nzuri ya kusema safari hii ni tofauti.

Wapo wa tatu, watafiti ndani ya benki kuu yenyewe, wanaosema miaka 10 iachwe kabisa. Kinachofaa ni kulinganisha riba ya miezi 3 ya leo na ile inayotarajiwa miezi 18 ijayo. Jerome Powell, mwenyekiti wa benki kuu hiyo wakati huo, alikitaja kipimo cha namna hiyo Machi 2022, wakati kilipokuwa kinapanda vizuri. Mwisho wa mwaka nacho kikapinduka, na mdororo haukuja vilevile.

Mimi naona wa kambi ya kwanza wana hoja nzito zaidi kwa mwaka 2022, lakini siwezi kuwapa ushindi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Marekani imekuwa na midororo minane tu. Kwa mifano michache hivyo, onyo moja lililokosea linaweza kuwa bahati, na manane yaliyopatia nayo pia.

"Basi na hatifungani zetu zisomwe hivyo hivyo"

Hapana. Marekani mstari unasema kitu kwa sababu wauzaji na wanunuzi ni wengi mno na wanafanya biashara kila dakika. Kwetu, hatifungani za serikali huuzwa kwa mnada wa Benki Kuu ya Tanzania, na wanunuzi wakubwa ni mabenki na mifuko ya pensheni, ambao wengi wao hununua na kukaa nazo hadi ziive. Mfuko mkubwa ukiwa na fedha za kuweka wiki hiyo, faida ya miaka 20 inaweza kushuka bila mtu yeyote kutabiri lolote kuhusu uchumi. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, huo ulikuwa uamuzi wa mtoaji, haukuwa kauli ya soko.

Na mwenye hatifungani ya maji ya Tanga? Asilimia yake 13.5 haibadiliki mstari wa Marekani ukipinduka au ukinyooka. Kinachoweza kumgusa ni pale anapotaka kuuza kabla ya kuiva: kama hatifungani mpya za muda unaolingana zinalipa zaidi, mnunuzi atamtaka apunguze bei. Akitaka kujua upepo unakoelekea, atazame matokeo ya mnada wa Benki Kuu, hasa kiasi kilichoombwa na wawekezaji dhidi ya kiasi kilichotangazwa. Maombi yakiwa pungufu ya kilichotangazwa minada miwili mitatu mfululizo, wanunuzi wanadai riba kubwa zaidi, na bei ya hatifungani aliyoishika iko njiani kushuka.