Mashine ya kusaga, milioni 10 na thamani halisi ya sasa

“Mashine ya kusaga naipata kwa milioni 10, na kwa miaka minne itaniingizia milioni 16. Faida milioni 6, mtoto wa darasa la nne anaiona. Sasa kwa nini mhasibu anasema hanipi jibu mpaka aone kama thamani halisi ya sasa ni chanya, tena kwa kiwango cha punguzo alichochagua yeye?”

Kwa sababu zile milioni 10 zina kazi nyingine zingeweza kufanya. Kiwango cha punguzo ni mshahara ambao fedha hiyo ingelipwa kwingine, mahali penye hatari inayofanana na ya mashine. Thamani halisi ya sasa ikitoka chanya, maana yake mashine imerudisha mtaji wote, imelipa mshahara huo kila mwaka kwa kila shilingi iliyokuwa bado imekwama ndani yake, na juu ya hapo imebakisha kitu. Ikitoka sifuri, umepata kile kile ambacho ungepata kwingine, pamoja na vumbi la pumba. Ikitoka hasi, kwingine kulikuwa bora.

Tuiweke mashine yenyewe mezani. Tuseme, baada ya kulipa luku, mwendeshaji, kodi ya banda, mikanda, nyundo na chekeche, mwaka wa kwanza zinabaki shilingi milioni 3, kwa kuwa wateja bado wana mazoea na kinu cha mtaa wa pili. Mwaka wa pili na wa tatu zinabaki milioni 4 kila mwaka. Mwaka wa nne zinabaki milioni 5, ikiwemo bei ya kuiuza mashine ikiwa imechoka. Jumla 16, kama muulizaji alivyosema.

Kosa liko kwenye kujumlisha huko. Milioni 5 za mwaka wa nne zimewekwa kwenye kapu moja na milioni 10 zinazotoka mfukoni leo, kana kwamba zote ni noti za siku moja. Ukiwa na mahali panapolipa asilimia 15 kwa mwaka, shilingi 100 za leo zitakuwa 115 mwakani. Kwa hiyo ahadi ya 115 za mwakani ina uzito wa 100 za leo. Ya mwaka wa pili utaigawa kwa 1.15 mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne. Wengi hudhani punguzo hili ni la kupanda kwa bei tu. Bei zingesimama palepale miaka minne yote, bado kusubiri kungekuwa na gharama, maana fedha ilikuwa na pengine pa kwenda.

Tukifanya hivyo kwa asilimia 15, milioni 3 za mwaka wa kwanza zinageuka takriban 2,609,000 za leo. Milioni 4 za mwaka wa pili ni 3,025,000, zile za mwaka wa tatu ni 2,630,000, na milioni 5 za mwisho zinanywea hadi 2,859,000. Ukijumlisha kwa hesabu kamili unapata karibu 11,122,000. Toa milioni 10 za kununulia, inabaki 1,122,000. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa. Ni chanya, kwa hiyo kwa asilimia 15 mashine inakubalika.

Lakini neno “inakubalika” halimshawishi mtu kwa kuoneshwa kugawanya tu. Mimi huwa naacha vigawanyo pembeni nafungua daftari la deni, maana kila mtu aliyewahi kukopa analielewa. Chukulia milioni 10 zote ni za mkopo wa asilimia 15 kwa mwaka, na kila shilingi inayotoka kwenye mashine inakwenda kulipa. Mwisho wa mwaka wa kwanza deni limezaa riba ya 1,500,000 na kuwa 11,500,000. Unalipa milioni 3, linabaki 8,500,000. Mwaka wa pili riba ni 1,275,000, unalipa milioni 4, linabaki 5,775,000. Mwaka wa tatu riba ni 866,250, unalipa milioni 4 nyingine, linabaki 2,641,250. Mwaka wa nne riba ni kama 396,000, deni linafika 3,037,000 na ushee, na mkononi una milioni 5. Unafunga deni na unaondoka na karibu 1,963,000.

Sasa chukua hiyo 1,963,000 ya mwaka wa nne uigawe kwa 1.15 mara nne. Inatoka 1,122,000. Ni namba ile ile. Kumbe kupunguza thamani na kulipa deni lenye riba ni hesabu moja, iliyosomwa kutoka pande mbili za daftari. Tena, kama yupo angekukopesha kwa asilimia 15, ungeweza kuchukua 11,122,000 leo badala ya milioni 10, ukanunua mashine, ukatia 1,122,000 mfukoni siku hiyo hiyo, na mashine yenyewe ikalimaliza deni lote mwaka wa nne bila kubakisha shilingi. Ndiyo maana chanya inatosha kuwa sababu ya kukubali: ni utajiri ulioongezeka leo, kabla hata gunia la kwanza halijasagwa, mradi makadirio yatimie.

Daftari hilo linafichua pia kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Mtu anatoa riba ya mkopo kwenye mapato ya kila mwaka, halafu anayapunguza tena kwa kiwango kile kile. Hapo riba imelipwa mara mbili, na mradi mzuri unatupwa. Mapato unayoyapeleka kwenye punguzo yaandikwe kabla ya riba, kwa sababu punguzo lenyewe ndilo linaloitoza. Kinyume chake, kuna gharama ambazo watu huzisahau kabisa: kazi ya mwenyewe anayekaa pale kutwa, au banda lake ambalo angeweza kulipangisha. Hakuna anayemdai, kwa hiyo haziandiki, na mashine inaonekana tajiri kwa jasho lisilolipwa.

Turudi kwenye lalamiko la muulizaji, kwamba kiwango kimechaguliwa na mhasibu. Analo la kulalamikia, maana jibu lote limening’inia hapo. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania iliuza hatifungani za serikali za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Muda wake ni mrefu kuliko wa mashine yetu, lakini inatupa kipimo. Hatifungani haikatiki mkanda, haiungui mota, wala haiwi na jirani anayefungua kinu kipya. Mwenye kuweza kupata karibu 16 akiwa amelala hana sababu ya kuipima mashine ya kusaga kwa 15. Anahitaji zaidi ya hapo, kufidia hatari. Ile 15 niliyotumia ilikuwa rahisi kwa hesabu, ila kwa mashine ya mtaani mimi naiona ndogo.

Tukipandisha hadi asilimia 20, thamani halisi ya sasa inashuka hadi kama shilingi 4,000. Ni sifuri, kwa lugha ya biashara. Hiyo 20 ndiyo riba ambayo mashine yenyewe inaizalisha ndani kwa ndani, kwa hiyo anayedai chini ya hapo ataikubali na anayedai zaidi ataikataa. Na akiwa anakopa kwenye kikundi kwa asilimia 2 kwa mwezi? Riba ikizaa riba, hiyo si 24 kwa mwaka, ni karibu 27. Kwa kiwango hicho mashine ile ile, yenye “faida ya milioni 6” ile ile, inatoka hasi kwa zaidi ya milioni 1.2. Mashine haijabadilika hata skrubu moja, kilichobadilika ni bei ya fedha iliyomo ndani yake.

Kiwango kikishakubaliwa, hakichezewi ili kupata jibu linalopendeza. Nimewahi kuona karatasi ya mradi ambayo kiwango kilishushwa mara tatu mpaka ishara ya kutoa ikatoweka. Dalili yake ni rahisi: muulize aliyeandika kwa nini ni 11 na si 16. Akianza kueleza uzuri wa mradi badala ya kukuambia fedha ingepata kiasi gani kwingine, ujue kiwango kilitafutwa baada ya jibu.

Wanaotumia Excel wana mtego wao. Fomula ya NPV, yaani ya thamani halisi ya sasa, huchukulia namba ya kwanza uliyoipa kuwa imetokea mwisho wa mwaka wa kwanza, si leo. Ukiingiza gharama ya kununulia humo humo, kila kitu kinasogea mwaka mmoja mbele. Kama gharama, ikiwa na alama ya kutoa, iko B1 na mapato yako B2 hadi B5, andika hivi:

```
=NPV(0.15,B2:B5)+B1
```

Ukiandika `=NPV(0.15,B1:B5)` utapata karibu 976,000 badala ya 1,122,000. Ishara haibadiliki, kwa hiyo uamuzi wa kukubali au kukataa unasalimika. Balaa linakuja unapolinganisha mashine mbili na una nafasi ya moja tu. Hapo chanya peke yake haitoshi, unachukua yenye thamani kubwa zaidi, na namba iliyokosewa upande mmoja inaweza kukuchagulia isiyofaa.

Namba ya mwisho nayo ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Mwaka wa kwanza ukileta milioni 2 badala ya 3, labda kwa sababu mahindi yamekuwa adimu na watu wananunua unga wa kupima dukani, thamani yetu kwa asilimia 15 inaporomoka kutoka 1,122,000 hadi kama 252,000. Mwaka wa kwanza ndio unaouma zaidi, kwa kuwa fedha yake imekatwa kidogo kuliko zote.

Jambo hilo hilo ndilo nililomshauri mwenye milioni 10. Alikuwa anajipa moyo kwamba mwaka wa nne huenda ataiuza mashine kwa laki 5 zaidi ya alivyokadiria. Kwa asilimia 20, hizo laki 5 za mbali zinaongeza thamani ya leo kwa 241,000 tu. Laki 5 anazopunguziwa na muuzaji siku ya kununua zinaingia zote, bila kukatwa hata shilingi, na zinaitoa mashine kwenye sifuri hadi laki 5 chanya. Kwa hiyo aache kubashiri bei ya chuma chakavu, akakae na muuzaji.