Saumu ya Arafa si ya mahujaji

"Bibi, leo umefunga kwa kuwa mahujaji nao wamefunga kule Arafa?"

Bibi hakuinua macho. Nazi iliendelea kudondoka kwenye sinia chini ya mbuzi.

"Nani kakudanganya, mume wangu? Anayehiji, suna yake leo ni kula. Siku ile watu walibishana kama Mtume kafunga. Ummul Fadhl, mke wa ami yake, akampelekea maziwa. Akayanywa juu ya ngamia wake, watu wanamwona. Ubishi ukaisha."

"Kwa nini asifunge?"

"Kusimama Arafa kwenye jua lile akiomba dua mpaka magharibi si mchezo, kunataka nguvu. Tunaofunga ni sisi tuliobaki majumbani, tarehe 9 Mfunguo Tatu. Si faradhi kama Ramadhani. Nafunga kwa kuwa Mtume alitaraji saumu hii ifute madhambi ya mwaka uliopita na wa mbele. Madogo lakini, wanavyuoni wengi wanasema. Ya deni la watu hayamo."

"Na kesho?"

"Kesho Idi, kufunga haramu. Hebu niletee kifumbu."